Hatifungani ya Dalton na miaka 41 ya kungoja

Oktoba 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa imetoka vitani na mzigo mzito wa madeni, ilitangaza hatifungani ambayo hadi leo ina la kumfundisha kila mwenye akiba. Waziri wa Fedha alikuwa Hugh Dalton, mwanauchumi aliyewahi kufundisha chuo kikuu jijini London, na shabaha yake ilikuwa serikali ikope kwa riba ndogo kadiri iwezekanavyo. Hatifungani ile ililipa asilimia 2.5 kwa mwaka, na bei yake ilikuwa pauni 100 kamili kwa kila hati ya pauni 100. Katika jina lake rasmi yalikuwamo maneno "1975 au baadaye". Kuanzia 1975 serikali ingekuwa na ruhusa ya kuirudisha ile mia, lakini hapakuwa na siku yoyote ambayo ingelazimika kuirudisha. Wafanyabiashara wa London wakaipa jina la waziri mwenyewe.

Mwaka 1974, riba ya soko kwa hati za namna hiyo ilivuka asilimia 15. Hati inayolipa pauni 2.5 kila mwaka bila kikomo, katika soko linalodai asilimia 15, ina thamani ya 2.5 gawanya kwa 0.15, yaani pauni 16 na senti 67. Mwenye hati hakudhulumiwa. Malipo yake ya kila mwaka yalifika kwa wakati, kama alivyoahidiwa. Hasara yake ilitokana na kitu kimoja: pesa zake zilikuwa mbali mno, na riba ilipopanda, kila kilicho mbali kilipungua thamani kuliko kilicho karibu.

Mbali kiasi gani? Swali hili lina jibu la namba. Siku ile ya 1946 pesa za mnunuzi wa hatifungani ya Dalton zilikuwa mbali, kwa wastani, miaka 41. Namba hiyo haikuandikwa popote kwenye hati. Inatoka kwenye kipimo kilichochapishwa mwaka 1938 na Frederick Macaulay, mwanauchumi aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi Marekani. Macaulay alikuwa akichambua hatifungani za kampuni za reli za Marekani tangu 1856, akakuta kwamba kuzilinganisha kwa mwaka wa kuiva hakutoshi. Hatifungani mbili zinaweza kuiva siku moja, moja ikawa inalipa kidogo kidogo njia nzima na nyingine ikawa inangoja mwisho ndipo ilipe. Aliyenunua ya kwanza amesharudishiwa sehemu kubwa ya pesa zake mapema. Wa pili bado anangoja. Kwa hiyo Macaulay akapima muda wa wastani wa kungoja, kila malipo yakihesabiwa kwa uzito wa thamani yake ya leo.

Tuanze na hesabu ndogo ili njia yake ionekane. Chukua hatifungani ya miaka 3 inayolipa kuponi ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba ya soko nayo iwe asilimia 10. Kwa kuwa kuponi ni sawa na riba ya soko, bei yake ni sawasawa na kiasi kilichoandikwa juu yake, tuseme shilingi 100,000. Hii ndiyo nitakayoiita hatifungani ya bei sawa. Italipa 10,000 mwaka wa kwanza, 10,000 wa pili, na 110,000 wa tatu. Thamani ya leo ya malipo hayo ni shilingi 9,091, kisha 8,264, kisha 82,645, na jumla yake ni 100,000. Kwa njia ya Macaulay, zidisha kila kiasi kwa idadi ya miaka kinayongoja, ujumlishe, kisha ugawanye kwa bei. Utapata 273,554 gawanya kwa 100,000, yaani miaka 2.74.

Kuna njia nyingine ya kufikia jibu lilelile, nami naipenda zaidi kwa sababu inatufikisha mbali bila kanuni nzito. Badala ya kufuata kila malipo, hesabu kila mwaka ni thamani kiasi gani bado inangoja. Mwaka wa kwanza shilingi zote 100,000 zinangoja. Malipo ya kwanza yakifika, 9,091 zinatoka na 90,909 zinaendelea kungoja mwaka wa pili. Ya pili yakifika, zinabaki 82,645 za kungoja mwaka wa tatu. Jumlisha 100,000, 90,909 na 82,645: ni 273,554 tena. Muda wa Macaulay ni jumla ya sehemu zinazongoja, mwaka baada ya mwaka. Shika wazo hili moja tu, maana aina zote tatu za hatifungani tutakazozitazama zinapimwa kwalo.

Ya kwanza ni ile isiyolipa kuponi kabisa. Mnunuzi anaipata kwa punguzo na kulipwa mara moja siku ya kuiva. Dhamana za muda mfupi zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania, ambazo ndefu kuliko zote ni ya siku 364, ni za namna hii. Hapa hesabu haina kazi. Kwa riba ya asilimia 10, shilingi 75,131 za leo zitakuwa 100,000 baada ya miaka 3, na katika miaka hiyo yote hakuna hata senti inayotoka njiani. Thamani yote inangoja mwaka wa kwanza, yote inangoja wa pili, yote inangoja wa tatu. Moja jumlisha moja jumlisha moja. Muda wake wa Macaulay ni miaka 3, sawa na muda wa kuiva, na utakuwa miaka 3 hata riba ya soko ikiwa asilimia 2 au 20. Riba hubadilisha bei yake tu, kwa sababu malipo ni moja na hakuna uzito wa kugawanya.

Ya pili ndiyo inayostaajabisha, nayo ni hatifungani isiyo na ukomo, inayolipa kuponi milele na kutorudisha mtaji kamwe. Mtu akiisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba muda wake wa wastani nao hauna mwisho. Turudi kwa Dalton tuone. Riba ya soko ni asilimia 2.5, bei ni pauni 100. Malipo ya mwaka wa kwanza ni pauni 2.5, na thamani yake ya leo ni 2.5 gawanya kwa 1.025, yaani pauni 2.44. Hiyo ni sehemu moja katika 41 ya thamani nzima. Sehemu 40 zilizobaki zinaendelea kungoja. Lakini zinangoja nini? Ukisimama mwisho wa mwaka wa kwanza, baada ya kupokea kuponi, mkononi una hatifungani ileile isiyo na ukomo, haikufupika hata kidogo. Wastani wa kungoja kwa sehemu hizo 40, kuanzia hapo, ni sawa na wastani wa mwanzo.

Hapo jibu linajitokeza. Kila pauni inangoja mwaka mmoja kwanza. Kisha sehemu 40 katika 41 zinaanza upya. Muda wa wastani basi ni 1 jumlisha 40/41 ya muda huohuo. Namba pekee inayotimiza sharti hilo ni 41. Ukiandika riba ya soko kwa herufi y, hoja hiyohiyo inakupa kanuni fupi:

D = (1 + y) / y

Itazame kanuni hiyo uone kisichokuwamo. Kuponi haimo. Hatifungani isiyo na ukomo inayolipa pauni 2.5 na nyingine inayolipa pauni 9, riba ya soko ikiwa ileile, zina muda uleule wa wastani, kwa sababu ya pili ni fungu tu la nyingi za ya kwanza. Bei zao zitatofautiana, lakini riba ikipanda zitapungua kwa asilimia ileile. Kilichomo ni riba ya soko peke yake, na ina nguvu ya ajabu. Kwa asilimia 2.5 muda ni miaka 41. Kwa asilimia 15, riba ya 1974, ni 1.15 gawanya kwa 0.15, yaani miaka 7.67. Hati ni ileile, wino ni uleule, malipo ni yaleyale milele, lakini muda wake umepungua hata haufiki moja ya tano ya ule wa mwanzo. Riba inapokuwa kubwa, malipo ya mbali hayana uzito, na karibu thamani yote inakaa kwenye miaka michache ya mbele.

Mfupisho huo una faida kwa mwenye hati, japo ni faida iliyochelewa. Hatifungani isiyo na ukomo huwa hatari zaidi siku riba ilipo chini kabisa. Dalton aliuza yake wakati huohuo.

Ya tatu ni hatifungani ya bei sawa yenye siku ya kuiva. Fikiria kwamba mnunuzi wa 1946 aliyasoma maneno "1975 au baadaye" akajiambia kwamba kwa vyovyote mtaji utarudi 1975. Kichwani mwake alikuwa amenunua hatifungani ya bei sawa ya miaka 29. Tuipime. Mwaka wa kwanza thamani yote inangoja. Baada ya kuponi ya kwanza hatifungani bado ina thamani ya pauni 100 kamili, kwa kuwa kuponi ni sawa na riba ya soko, na mia hiyo ya mwakani leo ni 100 gawanya kwa 1.025. Kwa hiyo sehemu inayongoja mwaka wa pili ni 0.976, wa tatu 0.952, na kuendelea, kila mara tukigawanya tena kwa 1.025. Hizi ni namba zilezile za hatifungani isiyo na ukomo. Tofauti ni kwamba hapa tunaacha kujumlisha baada ya mwaka wa 29, kwani mtaji unarudi na hakuna anayengoja tena. Jumla yake ni miaka 20.96.

Mnunuzi aliyedhani ameshika kitu cha miaka 21 kumbe alikuwa ameshika cha miaka 41. Tofauti hiyo ni hasara halisi, na kipimo cha Macaulay kinaiweka wazi mapema. Ukitaka kujua bei itayumba kiasi gani, gawanya muda wa Macaulay kwa moja jumlisha riba. Kwa hatifungani isiyo na ukomo ni 41 gawanya kwa 1.025, yaani 40. Maana yake ni kwamba riba ikipanda kutoka asilimia 2.5 hadi 2.6, bei itashuka kwa takriban asilimia 4. Bei halisi kwa 2.6 ni pauni 96.15, hasara ya 3.85, kwa hiyo makisio yamekaribia sana. Kwa ile ya miaka 29 makisio ni hasara ya asilimia 2 na kidogo, nusu ya hiyo. Mwaka 1948 riba ya soko London ilikuwa imeshavuka asilimia 3. Kwa asilimia 3 kamili, hati isiyo na ukomo ina thamani ya pauni 83.33, na ile ya miaka 29 ingekuwa na pauni 90.41. Kuponi ni ileile, mdaiwa ni yuleyule, bei ya kununulia ni ileile.

Hapa makisio yalianza kuachana na ukweli, na ni vema kuona kwa nini. Kwa nyongeza ya nusu asilimia, kipimo kilitabiri hasara ya asilimia 20 kwa hati isiyo na ukomo, lakini hasara halisi ni 16.67. Sababu tumeshaiona: riba inavyopanda, muda wenyewe unafupika njiani, kwa hiyo kila hatua inayofuata inauma kidogo kuliko iliyotangulia. Linganisha na hatifungani isiyo na kuponi ya miaka 41, ambayo siku ya kwanza ina muda uleule wa Macaulay. Riba ikipanda kutoka 2.5 hadi 3, hiyo inapoteza asilimia 18.1. Muda ni mmoja, hasara ni mbili tofauti. Katika hati isiyo na ukomo malipo yametawanyika kutoka mwakani hadi milele, na mtawanyiko huo hupunguza hasara riba inapopanda na kuongeza faida inaposhuka. Isiyo na kuponi imekusanya kila kitu kwenye nukta moja, haina mtawanyiko wowote.

Frank Redington, mtaalamu wa hesabu za bima wa London, aliugeuza ukweli huu kuwa nyenzo ya kazi mwaka 1952. Kampuni ya bima ina ahadi ya kulipa siku fulani ya mbali, na inataka mali iliyoshika leo iweze kuilipa ahadi hiyo hata riba ikibadilika. Tuseme ahadi ni ya miaka 41 kuanzia leo, na pauni 100 zimewekwa kwa riba ya asilimia 2.5. Riba isipobadilika, na kila kuponi ikawekezwa tena, mwisho wa miaka hiyo zitakuwa pauni 275. Sasa riba iruke hadi asilimia 3 kesho yake. Bei ya hati isiyo na ukomo inaanguka hadi 83.33, lakini kuanzia hapo kila kuponi inawekezwa kwa asilimia 3, na baada ya miaka 41 jumla ni pauni 280. Riba ikishuka hadi asilimia 2, bei inapanda papo hapo hadi 125, kisha inakua polepole kwa asilimia 2, na mwisho wake ni pauni 281 na nusu. Pande zote mbili ahadi imelipika na kidogo kimebaki. Kushuka kwa bei na kupanda kwa mapato ya kuponi vimefidiana, na mahali vinapofidiana ni kwenye muda wa Macaulay. Redington aliuita mpango huu kinga.

Hicho kidogo kilichobaki kila upande kisimfanye mtu adhani kuna faida isiyo na jasho. Hesabu yetu imechukulia kwamba riba ni moja kwa miaka yote, ya karibu na ya mbali, kwamba inaruka mara moja tu, na kwamba yote hupanda au kushuka kwa kiasi kilekile. Soko haliendi hivyo. Riba ya mwaka mmoja inaweza kupanda na ya miaka 20 ikabaki palepale, na mali yenye malipo yaliyotawanyika ndiyo itakayoumizwa na mwendo wa namna hiyo.

Kuna udhaifu mwingine unaowapata wengi kwa sababu hauonekani siku ya kununua. Mwaka ukipita, ahadi ya miaka 41 inakuwa ya miaka 40. Hatifungani isiyo na kuponi nayo inakuwa ya miaka 40, inatembea sambamba na ahadi bila kuguswa. Hatifungani isiyo na ukomo haizeeki: riba ikiwa bado 2.5, muda wake ni 41 leo, mwakani na baada ya karne. Ile ya bei sawa ya miaka 29 inafupika, lakini kwa nusu mwaka tu, maana namba ya mwisho tuliyokuwa tukiijumlisha ni 0.50. Mtu aliyelinganisha mali na ahadi mara moja kisha akalala ataamka akakuta mali imeishinda ahadi kwa muda. Ndiyo maana kinga ya Redington hurekebishwa kila mara, kwa kuuza kidogo cha muda mrefu na kununua cha muda mfupi, na kila marekebisho yana gharama yake.

Kuhusu hati ya Dalton kuna jambo jingine ambalo kanuni ya (1 + y)/y hailioni. Haki ya kurudisha mtaji kuanzia 1975 ilikuwa mikononi mwa serikali peke yake. Kama riba ingekuwa chini ya 2.5 mwaka huo, serikali ingekopa upya kwa bei nafuu na kuwalipa wenye hati mia yao, na faida yao ingekomea hapo. Riba ilipokuwa juu, serikali haikuwa na sababu hata moja ya kurudisha, na hati ikabaki isiyo na ukomo. Muda ulikuwa mfupi pale ambapo mnunuzi angetaka uwe mrefu, na mrefu pale alipotaka uwe mfupi. Unapokutana na hatifungani ambayo mdaiwa anaweza kuirudisha mapema, hesabu muda wake mara mbili, hadi siku ya kwanza ya kurudishwa na hadi mwisho kabisa, kisha uamini jibu lile lisilokufaa. Hati za Dalton zilirudishwa hatimaye mwaka 2015, riba ya Uingereza ikiwa imerudi chini, kwa pauni 100 kila moja. Katika miaka hiyo karibu 69 mfumuko wa bei ulikuwa umeila mia hiyo, na kipimo cha Macaulay hakina la kusema juu ya hilo, kwa kuwa kinahesabu pauni tu, hakihesabu kinachonunuliwa nazo.

Mpaka hapa tumeona kwamba hatifungani ya bei sawa ina dari mbili. Haiwezi kuwa na muda mrefu kuliko miaka yake ya kuiva, wala kuliko (1 + y)/y, kwa sababu ni kipande cha kwanza cha jumla ileile. Mtu anaweza kudhani dari ya pili inazibana hatifungani zote. Sivyo. Rudi 1974, riba ikiwa 15, ufikirie hatifungani yenye kuponi ileile ya 2.5 lakini yenye siku ya kuiva, miaka 20 mbele. Bei yake ni pauni 21.76, na katika hizo pauni 6.11 ni thamani ya leo ya mtaji utakaorudi mwisho. Asilimia 28 ya thamani nzima inangoja miaka 20 bila kuguswa, na hiyo inaupeleka muda wa Macaulay hadi miaka 10.19, juu ya 7.67 ya hati isiyo na ukomo. Ya miaka 30 ina muda wa 9.13, mfupi kuliko ya miaka 20. Kwa hatifungani zinazouzwa kwa punguzo kubwa, kurefusha tarehe ya kuiva huongeza muda hadi mahali fulani, kisha huupunguza kuelekea ile dari. Anayedhani kwamba ya miaka mingi zaidi daima ndiyo inayoyumba zaidi atakosea hapa. Dalili ya hali hiyo ni bei iliyo chini sana ya kiasi kilichoandikwa.

Sasa tuje nyumbani, ambako riba ni za juu na mambo yanageuka sura. Hatifungani za Serikali ya Tanzania zinafika miaka 25. Chukua riba ya mfano ya asilimia 12, na hatifungani zote ziuzwe kwa bei sawa. Dari ni 1.12 gawanya kwa 0.12, yaani miaka 9.33. Ya miaka 10 ina muda wa 6.33, ya miaka 20 ina 8.37, na ya miaka 25 ina 8.78. Kwa kuwa kuponi zetu hulipwa kila baada ya miezi sita, muda wa kweli unapungua kidogo tena, na ile ya miaka 25 inafika 8.35. Kutoka miaka 10 hadi 20 umejiongezea hatari ya kuyumba kwa bei kwa karibu theluthi moja. Kutoka 20 hadi 25 umejiongezea kwa karibu sehemu moja ya ishirini tu. Kwa riba ya asilimia 2.5 mambo yangekuwa tofauti kabisa, kwani kila mwaka wa nyongeza pale bado una uzito.

Kwa hiyo mwenye akiba anayesita mnadani kati ya ya miaka 20 na ya miaka 25 kwa sababu anaogopa kuyumba kwa bei anaogopa kitu kidogo mno. Riba ikipanda, zote mbili zitashuka karibu sawa. Tofauti yao iko kwenye kuponi, na kwenye swali kama wewe au warithi wako mtapata mnunuzi siku mtakapotaka kutoka. Kama una ada ya chuo ya kulipa baada ya miaka 4 au kiwanja cha kumalizia baada ya miaka 6, tafuta hatifungani ambayo muda wake wa Macaulay, wala si mwaka wake wa kuiva, unakaribia siku hiyo. Na muulize dalali wako namba hiyo kabla hujajaza fomu ya mnada.